Kaunta buku la Mwalimu: miezi sita ya mwanzo na kidonge cha kolesteroli

*Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 62, ana presha na kisukari. Mwezi na nusu uliopita alianzishiwa atovastatini ya miligramu 20 kwa ajili ya kolesteroli. Wiki ya tatu akaanza kulalamika mapaja na magoti, jirani akamwambia hizo dawa zinaua ini, basi ameziacha. Leo ni siku ya tisa. Mapaja anasema afadhali kidogo, magoti yako vilevile. Arudie au aachane nazo?*

Marahaba, mwanangu. Vidonge asivitupe. Siku tisa ni chache kuamua lolote, ila hilo la mapaja kupata afadhali na magoti kubaki vilevile limeshaniambia kitu, nitalirudia mwishoni. Kwanza nikusimulie habari za mgonjwa wangu mmoja hapa Tanga, mwalimu mstaafu wa hisabati. Ameniruhusu. Katika miaka yangu yote ya kutibu sijaona mtu aliyelijibu swali kama lako vizuri kuliko yeye, na alilijibu kwa kalamu na rula.

Alikuja kwangu akiwa na miaka 63. Presha anayo, anakunywa amlodipini. Kisukari anacho, anakunywa metformini. Moyo haujawahi kumsumbua na kiharusi hajapata. Kipimo cha mafuta kikarudi na LDL ya 4.8. LDL ndiyo sehemu ya kolesteroli inayojipenyeza kwenye kuta za mishipa na kujenga utando, na kwa mtu mwenye kisukari na presha kwa pamoja mimi huilenga ishuke chini ya 2.6. Nikamwandikia atovastatini ya miligramu 20, kidonge kimoja kwa siku, lakini nikamwomba asianze siku hiyo. Nilimwambia atafute daftari, na kwa wiki mbili kabla ya kidonge cha kwanza aandike kila jioni wapi panamuuma, na panauma kiasi gani kuanzia sifuri hadi kumi.

Akanunua kaunta buku. Akapiga mistari kama anayetayarisha orodha ya mahudhurio: tarehe, kidonge, goti la kulia, goti la kushoto, kiuno, mapaja, mabega, na mwisho safu pana aliyoiita "Maelezo". Nikamwongezea kazi moja. Kila Jumamosi akae kwenye kiti cha mbao, akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mara tano mfululizo bila kushika chochote, mjukuu akisoma sekunde kwenye saa ya ukutani. Nilikuwa na sababu. Maumivu mtu huyakadiria kwa hisia, na hisia hufuata hofu. Nguvu ya mapaja inapimika, na statini, jamii ya dawa ambayo atovastatini imo, ikiwa inaidhuru misuli kweli, mara nyingi mapaja ndiyo yanayotangulia kusema.

Zile kurasa za wiki mbili za mwanzo, kabla ya dawa, ndizo nilizokuja kuzitumia kuliko zote. Goti la kulia lilikuwa 4 karibu kila siku. Kiuno 3. Mapaja 1 au 2, isipokuwa siku aliyotoka kupalilia shamba, yakapanda hadi 3. Kiti, sekunde 13. Siku ya nne aliandika hivi: "Sikujua kama ninaumwa namna hii." Mtu wa miaka sitini na kitu huamka na maumivu yake, hutembea nayo sokoni na msikitini, na hayasikii tena kwa kuwa ameyazoea. Akianza dawa mpya anaanza kujisikiliza. Na akijisikiliza ataona goti linauma, atahesabu siku, ataona kabla ya goti kuuma kulikuwa na kidonge. Goti lilikuwa linauma tangu mwaka juzi, ila hakuna aliyeliandika.

Siku ya kwanza ya dawa safu ya maelezo ina sentensi mbili: "Nimemeza saa mbili usiku. Sijisikii mgonjwa, nimemeza kwa sababu nimeahidi." Huu ndio ugumu wa dawa hii, na simlaumu anayeulizia. Panado hutuliza kichwa ukaona. Statini haikufanyii chochote unachokisikia. Kazi yake iko ndani ya ini, ambako hupunguza utengenezaji wa kolesteroli. Ini likipungukiwa hutoa mikono zaidi ya kuivuta LDL kutoka kwenye damu, na LDL ya damuni inashuka. Tafiti nyingi zikiunganishwa zinaonyesha kwamba LDL ikishuka kwa kipimo kimoja kizima, tuseme kutoka 4 hadi 3, hatari ya shambulio la moyo na kiharusi hupungua kwa takriban moja ya tano. Hatari iliyopungua haina dalili. Huwezi kuamka asubuhi ukaisikia.

Alikuwa na shaka nyingine, kwamba ni kemikali tu za viwandani. Hiyo nilimjibu kwa habari ya Akira Endo, mtafiti wa Kijapani ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alichunguza maelfu ya kuvu akitafuta kitu cha kuzuia utengenezaji wa kolesteroli, akakipata kwenye ukungu wa jamaa moja na ule wa penisilini. Statini ya kwanza kuuzwa madukani, mwaka 1987, nayo ilitoka kwenye kuvu. Atovastatini yenyewe hutengenezwa maabara, lakini wazo ni la ukungu. Mwalimu aliandika habari hiyo yote kwenye maelezo ya siku ile, akaipigia mstari.

Mwezi wa kwanza alisahau vidonge saba. Najua idadi kwa sababu safu ya kidonge ina visanduku saba vitupu, na vyote ni vya usiku aliochelewa barazani. Tukahamisha muda. Atovastatini hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo saa ya kuimeza haina shida mradi iwe ileile kila siku. Ni simvastatini ndiyo inayofaa zaidi usiku. Akaiweka pakiti kwenye kikombe cha mswaki. Mwezi wa pili kisanduku kitupu kilikuwa kimoja. Ushindi mdogo, lakini nauthamini, maana wengi wanaoniambia dawa haikushusha kitu ukihesabu pakiti zao unakuta nusu zimebaki.

Wiki ya tatu likaja lile lililompata mama yako. Nanukuu: "Leo jirani ameniambia shemeji yake aliharibika ini na misuli kwa dawa hizi, akatembelea mkongojo. Usiku mapaja yananiuma, 4." Kesho yake mapaja 4, mabega 3. Keshokutwa mapaja 5. Siku ya nne akaja kwangu na daftari kwapani, tayari ameamua kuacha.

Nilifungua kurasa nikamwonyesha vitu viwili. Kwanza, mapaja yalikuwa 1 na 2 kwa siku zote kumi na tisa za dawa, hadi jioni ya mazungumzo yale. Pili, Jumamosi iliyotangulia kiti kilikuwa sekunde 13. Nikamwambia apime hapohapo mbele yangu: 13. Sikumwambia kwamba anajidanganya. Maumivu yale yalikuwa ya kweli na hakulala. Nikachukua damu kupima CK, kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye misuli ikiumia. Ikarudi 140, na maabara yetu mwisho wa kawaida ni kama 200. Nikamwomba wiki mbili zaidi kwa masharti: mapaja yakifika 7, au kiti kikifika sekunde 18, aache bila kuniuliza.

Hapo nataka nikueleze utafiti mmoja, kwa kuwa umenibadilisha namna ninavyoongea na wagonjwa. Mwaka 2020 watafiti wa Imperial College ya London walitoa matokeo ya watu 60 ambao wote walikuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara. Kila mmoja alipewa chupa kumi na mbili za mwezi mmojammoja: nne zina atovastatini ya miligramu 20, nne zina vidonge bandia visivyo na dawa, nne tupu. Hakujua ipi ya dawa na ipi bandia. Kila siku aliandika alama za dalili kutoka sifuri hadi 100. Miezi ya chupa tupu wastani ulikuwa 8. Miezi ya dawa ulikuwa 16 na kidogo. Na miezi ya vidonge bandia? Ulikuwa 15 na kidogo. Yaani karibu yote yaliyowapata kwa dawa yaliwapata pia kwa unga usio na kitu. Waliumwa kweli, kilichowaumiza kwa sehemu kubwa kilikuwa kitendo cha kumeza kidonge wanachokiogopa. Walipoonyeshwa takwimu zao wenyewe, nusu yao walirudi kwenye dawa.

Daftari la Mwalimu lilifanya kazi hiyohiyo kwa njia ya kijijini. Wiki ya tano mapaja yalikuwa 3, wiki ya sita 2. Kiti 13. Aliandika: "Maumivu yameondoka bila kuacha dawa."

Wiki ya nane tukapima tena, muda ambao dawa inakuwa imeshafikia kilele cha nguvu zake. LDL ilikuwa 2.9. Kutoka 4.8, ni kushuka kwa asilimia 40, ndivyo miligramu 20 zinavyotarajiwa. Kwenye daftari hesabu imefanywa kwa mkono hatua kwa hatua, na chini yake ameweka alama ya vema kwa wino mwekundu. ALT, kipimo cha ini, kilikuwa 28 kabla ya dawa na sasa ni 41, na karatasi ya maabara ikaweka kinyota kwa kuwa mwisho wa kawaida ni 40. Kinyota kile kilimtisha kuliko maneno ya jirani. Hili mwambie mama yako kwa sauti: statini hupandisha kipimo cha ini kidogo kwa baadhi ya watu, na mara nyingi hushuka chenyewe. Tunaanza kushtuka kinapozidi mara tatu ya mwisho wa kawaida, yaani 120 na kwenda juu, na hata hapo tunarudia kipimo kwanza. Ini kuharibika hasa kwa statini ni jambo la nadra sana. Pombe, homa ya ini na mitishamba isiyojulikana inaharibu maini mengi zaidi ninayoyaona.

Sukari nayo hupandishwa kidogo na dawa hizi, sitaki kukuficha. Yake ya wastani wa miezi mitatu ilikuwa 6.9, ikawa 7.1. Faida kwa moyo inaizidi hasara hiyo mbali, lakini mgonjwa aambiwe.

Mwezi wa tatu nilifanya jambo ambalo leo ningelifanya tofauti. LDL ya 2.9 haikufika tulipotaka, nikapandisha dozi hadi miligramu 40. Ukiongeza statini maradufu hupati ushukaji maradufu. Unapata nyongeza ya takriban asilimia 6 tu. Ningetakiwa kwanza kuuliza anakula nini na anakunywa nini. Sikuuliza kwa kina. Na dozi ile kubwa ndiyo iliyoweka mazingira ya kilichofuata.

Mwezi wa nne tumbo lilimuunguza. Akaenda kituo kingine cha afya karibu na kwake, akapimwa, akaambiwa ana wadudu wa vidonda vya tumbo, akapewa dozi ya siku 14 ya dawa tatu tunayoifahamu sote: amoksilini, klarithromaisini na omeprazoli. Aliulizwa kama ana dawa anazotumia. Akataja ya presha na ya sukari. Ya kolesteroli hakuitaja, kwa sababu, kama alivyoniambia baadaye, hakuihesabu kuwa dawa ya ugonjwa.

Soma siku zile jinsi zilivyokuja. Siku ya kwanza hadi ya nne ya dozi, mapaja 2. Siku ya tano, 4. Siku ya sita, 6, na mabega 5, "pande zote mbili sawasawa". Siku ya saba: "Alfajiri nimeshindwa kuinuka kwenye sijda. Nimeshika ukuta. Si maumivu tu, miguu haina nguvu." Ilikuwa Jumamosi. Kiti, sekunde 26, na mara ya nne alijisukuma kwa mkono. Hakusubiri. Sharti tuliloliandika mwezi wa kwanza lilikuwa limetimia, akaacha atovastatini asubuhi ileile na kuja na pakiti zote kwenye mfuko.

Nilipoiona klarithromaisini nikajua. Atovastatini huvunjwa na kimeng'enya kilichoko kwenye utumbo na ini. Klarithromaisini humfunga mikono mvunjaji huyo, dawa ikabaki mwilini ikirundikana siku baada ya siku, na miligramu 40 zikawa kama dozi ambayo hakuna daktari angeiandika. CK ilirudi 1,340. Hiyo ni karibu mara saba ya mwisho wa kawaida. Nilichokihofia zaidi ni figo, kwa sababu misuli ikivunjika kwa wingi mabaki yake huziba figo, na dalili yake ni mkojo wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea au soda nyeusi. Nilimwomba mkojo kwenye kopo la kioo. Ulikuwa wa manjano, safi. Kipimo cha figo kikatoka sawa. Kama mkojo ungekuwa mweusi, angelazwa siku ileile na kuwekewa maji ya mshipa. Hali hiyo ni nadra, lakini haingoji kesho.

Kwa hiyo dawa za vidonda amalizie, statini isimame, anywe maji ya kutosha, shambani asiende. Tungejua mapema, tungeisimamisha statini kwa siku zile 14 tu, au angepewa mchanganyiko usio na klarithromaisini, na asingeshika ukuta. Erithromaisini ina tabia hiyohiyo, na baadhi ya vidonge vya fangasi, na baadhi ya dawa za kufubaza virusi. Balungi na furungu nazo zinamfunga yule mvunjaji kwa kiasi. Kipande kimoja hakina neno, lakini mtu anayekamua glasi kubwa kila asubuhi wakati wa msimu aniambie.

Ukilinganisha wiki ya tatu na mwezi wa nne utaona tofauti ambayo kwa mdomo haionekani. Mara zote mbili alisema "mapaja yananiuma". Mara ya kwanza maumivu yalianza usiku wa habari mbaya, nguvu ikabaki, CK ikawa ya kawaida, yakaisha dawa ikiendelea. Mara ya pili yalipanda ngazi kwa ngazi baada ya badiliko la kweli, yakawa pande zote mbili, kwenye misuli mikubwa, nguvu ikapotea, CK ikapanda. Na yalipoondolewa chanzo yaliondoka kwa mpangilio: siku ya nne baada ya kuacha, 5, siku ya nane, 3, siku ya kumi na mbili, 1. Jumamosi ya pili kiti kilikuwa sekunde 14. Wiki tatu tangu aache, CK 160. Goti la kulia muda wote huo lilibaki 4. Nilimwonyesha safu ile ya goti kwa kidole, kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Goti halikuijua statini ilipoingia wala ilipotoka.

Kumrudisha kwenye dawa kulikuwa kugumu kuliko kumwanzishia. Mkewe alikataa kabisa, na nilimwelewa, yeye ndiye aliyemwinua siku ile. Tulikaa wote watatu, nikaeleza kwamba misuli ilidhuriwa na dawa mbili kukutana juu ya dozi kubwa, na kwamba kwa miezi mitatu miligramu 20 peke yake ilikuwa salama, ushahidi uko kwenye kurasa. Tukakubaliana arudi kwenye 20, na mkewe ndiye atakayesimamia kiti kila Jumamosi. Kwa wengine wanaoumwa hata na dozi ndogo nafanya vingine: naisimamisha wiki mbili hadi nne, kisha najaribu statini nyingine kwa dozi ndogo, mfano rosuvastatini ya miligramu 5, wakati mwingine siku moja ndiyo siku moja hapana. Wengi hupata wanayoiweza.

Ndipo nikauliza lile nililopaswa kuuliza mwanzo. Mwalimu ni mtu wa Tanga, asubuhi ni mbaazi za nazi na maandazi, mchana wali wa nazi na mchuzi wa nazi. Mafuta ya nazi ni ya kuganda, na yanapandisha LDL. Mbaazi zenyewe ni dawa, zina nyuzinyuzi zinazobeba kolesteroli kwenda nazo chooni. Hatukuiondoa nazi, sijui ningemwambiaje mkewe. Tui zito la kwanza likaachwa kwa wageni na sikukuu, wa nyumbani wakapikiwa tui jepesi la pili, na wali ukawa mweupe siku nne kwa wiki.

Kisha kahawa. Anakunywa vikombe sita au saba vidogo kila jioni barazani, kahawa iliyochemshwa kwenye dele na kumiminwa hivyohivyo. Watu wachache wanajua kwamba kahawa ya kuchemsha isiyochujwa ina mafuta yake yanayopandisha LDL, na kwamba karatasi ya kuchujia huyanasa karibu yote. Ukinywa kikombe kimoja haina uzito. Ukinywa saba kila siku kwa miaka thelathini, ina uzito. Baraza sikulivunja, maana mwalimu mstaafu asiye na baraza ataumwa ugonjwa mwingine. Alishuka hadi vikombe viwili, na ya nyumbani huichuja kwa karatasi anayoletewa na binti yake.

Mwezi wa sita LDL ilikuwa 2.5, kwa miligramu 20. ALT 33, imeshuka yenyewe. Vidonge vilivyosahauliwa mwezi ule, sifuri. Kiti, sekunde 12. Chini ya tarehe ile Mwalimu aliandika: "Dawa haijanifanya nijisikie vizuri. Imenifanya nihesabu vizuri." Akarudi kuandika goti la kulia, 4. Goti tunalishughulikia sasa, kwa mazoezi ya mapaja na kupunguza kilo.

Sasa tuje kwa mama. Kwanza nijue jambo moja: amewahi kupata shambulio la moyo, kiharusi, au kuwekewa kijibomba cha kuuzuia mshipa wa moyo usizibe? Kama amewahi, usisubiri hadi mwisho wa haya ninayoyaandika, mpeleke kwa daktari wake kesho, maana mtu kama huyo kukaa bila statini ni hatari. Kama hajawahi, siku zilizobaki tuzitumie. Aendelee kupumzika nayo hadi zitimie wiki tatu tangu aache, na aandike kila jioni, magoti mbali na mapaja, kila goti safu yake. Kiti kila Jumamosi. Magoti yaliyobaki vilevile siku tisa bila dawa karibu nina hakika ni yake mwenyewe. Mapaja ndiyo sijui bado, na yeye hajui, ila daftari litatuambia: kama ni dawa, mapaja yatashuka hadi karibu na sifuri ndani ya wiki mbili au tatu.

Wakati huohuo apimwe CK, ALT na TSH. Hiyo ya mwisho ni ya tezi ya shingo, na naiomba kwa sababu tezi iliyolegea hupandisha kolesteroli yenyewe na pia huifanya misuli iumwe na statini. Wanawake wa umri wake wanaipata zaidi, na ikitibiwa wakati mwingine mambo yote mawili hutulia. Kisha kusanya kila anachomeza, pakiti na chupa, pamoja na za mitishamba na zile alizopewa kwa jirani, weka mezani, piga picha umpelekee daktari wake. Uliza hasa kama wiki ile ya tatu alikunywa dawa ya kifua, ya fangasi au ya vidonda vya tumbo.

CK ikiwa ya kawaida na mapaja yakitulia, daktari wake anaweza kumrudisha kwa miligramu 10, daftari likiendelea, na kupima mafuta baada ya wiki nane. Mapaja yakirudi kuuma kwa mpangilio uleule, basi ni kweli dawa hiyo haimpendi, na wabadilishe. Yasiporudi, amepata jibu lake kwa mkono wake. Mkojo ukiwa mweusi, macho yakiwa manjano, au akishindwa kuinuka mahali pa kukaa, hapo hakuna daftari, ni hospitali saa hiyohiyo.

Kaunta buku liwe la karatasi nene, wino usitokeze upande wa pili. Mwalimu aliniomba nisisahau kusema hilo.